Heri ya Mei Mosi kutoka kwa mtu aliyeripoti kazini leo

Picha hii ni ya leo, tarehe 30 Aprili, saa mbili kasoro asubuhi, mbele ya ghala la kiwanda cha chakula cha mifugo hapa Nyakato, Mwanza. Kitambulisho nilichovaa shingoni kimeandikwa MGENI kwa sababu changu hakijatoka. Nimepata kazi, ndugu zangu. Mtunza ghala. Namshukuru Mungu, na nawashukuru ninyi mliokuwa mkiniuliza "vipi huko?" na mkakubali jibu lilelile mwezi baada ya mwezi bila kuchoka.

Wengi mtashangaa mtu kuanza kazi siku ya mwisho ya mwezi, tena kesho ni sikukuu. Kwa kazi ya stoo ndiyo siku yenyewe. Mwisho wa mwezi mzigo huhesabiwa, kwa hiyo anayeondoka na anayeingia wanahesabu pamoja na kila mmoja anajua alichoacha na alichopokea. Kaka ninayempokea amehamishiwa tawi lingine. Nilipomwamkia tu akanipa daftari na kalamu, akasema, "Mdogo wangu, hesabu kwanza, saini baadaye."

Tukahesabu. Kiwanda hiki kinatumia pumba, mahindi, mashudu ya pamba na ya alizeti, dagaa wa ziwa na chokaa. Kila rundo lina kadi yake ya stoo inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na salio. Mashudu ya pamba kadi ilisema magunia 64. Tukapata 61. Tukarudia kutoka upande wa ukutani, safu kwa safu, bado 61. Dagaa idadi ya magunia ilikuwa sawasawa, lakini tulipopandisha machache kwenye mzani yalikuwa mepesi kuliko kadi. Hapo kaka akanielekeza vizuri: dagaa anapoingia na unyevu hukauka akiwa ghalani, kilo zinapungua bila mtu kuiba. Ndiyo maana dagaa hapimwi siku ya kupokelewa tu. Magunia ya mashudu, hayo hayakauki yakatoweka. Yote mawili tumeyaandika kwenye hati ya makabidhiano jinsi tulivyoyakuta, tukasaini wote wawili, na msimamizi akasaini. Ningesaini salio la kadi bila kuhesabu, kuanzia leo yale magunia 3 yangekuwa deni langu.

Nimeanza na ghala kwa sababu nalipenda, lakini jambo lililonifanya niandike salamu ndefu hivi lilitokea kabla ya hapo, mezani kwa dada wa utumishi. Alinipa mkataba na rundo la fomu, akaniambia nikimaliza kusaini nimwite. Nikamwomba anipe muda nisome. Alinipa, tena kwa moyo mweupe. Nilisoma kila ukurasa.

Sababu yake ni hii. Kule nilikokuwa kabla, ambako sitakutaja, kila mwezi hati yangu ya mshahara ilionyesha nimekatwa NSSF. Kazi ilipokatika mwanzoni mwa mwaka jana nikaenda kuulizia fao la kutokuwa na ajira. Wengi hawajui kama lipo. Mwanachama aliyepoteza kazi bila hiari yake, akiwa na michango isiyopungua miezi 18, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Kwa mshahara niliokuwa nao, 450,000, ingekuwa karibu 150,000 kwa mwezi. Ingelipa chumba na unga. Taarifa yangu ilipofunguliwa, michango ilikuwa imerukwarukwa: mwezi huu umo, miwili inayofuata haimo. Nilikuwa nimekatwa yote, ila iliyofika haikutimia 18. Madai yanafuatiliwa hadi leo. Nilitoka pale na barua mkononi, nikatembea hadi stendi, sikuwa na hamu ya kuongea na mtu.

Nimeishi kwa vibarua tangu hapo. Kupakua malori, kuhesabu mzigo wa watu sokoni, kusaidia duka la shemeji. Unaamka mapema hata kama huna pa kwenda, maana ukilala hadi saa nne nyumba nzima inakutazama. Unatuma barua za maombi mpaka unajua kwa moyo jina la kila mtangazaji wa nafasi. Mama alikuwa akinipigia anaanza na habari za kuku, za mvua, za jirani, kila kitu isipokuwa kazi, na mimi nilijua anazunguka asiniumize. Mama, asante. Leo nilikupigia mimi, na kilio chako kwenye simu bado nakisikia.

Kwa hiyo leo nilipokaa na mkataba nilikuwa nausoma kama mtu anayejua kazi inavyoisha. Aina ya mkataba: wa mwaka mmoja, wa muda maalumu. Saa za kazi: sheria ya ajira ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mkataba unasema hivyo hivyo. Likizo ya mwaka siku 28. Notisi: ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7, baadaye kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na inanihusu mimi kama inavyomhusu mwajiri. Nilisoma pia kipindi cha majaribio kwa utulivu, kwa sababu aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana ulinzi wote wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Mpaka Oktoba, basi, natembea kwa adabu na kumbukumbu zangu zote zimeandikwa. Nakala ya mkataba nimeiomba na nimepewa, imesainiwa pande zote. Nimeipiga picha nikamtumia mdogo wangu aitunze.

Sasa la mshahara, maana nimeshapokea ujumbe wa "bosi, usitusahau." Naomba niseme wazi, kwa upendo, ili mwisho wa Mei asije mtu akadhani namkwepa. Mshahara ni 600,000, wote wa msingi. Kwanza inatoka NSSF asilimia 10, yaani 60,000, na mwajiri anaweka nyingine kama hiyo juu yake. Inabaki 540,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi ya mapato. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, inakuja 20,000. Zile 20,000 zilizozidi zinatozwa asilimia 20, ni 4,000. Jumla ya kodi 24,000. Halafu Bodi ya Mikopo, kwa sisi tuliosomeshwa na mkopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 90,000. Kinachoingia mkononi ni 426,000. Mtu akisikia laki sita anapanga laki sita. Mimi napanga 426,000, na ya kwanza itakuja mwishoni mwa Mei, mwezi mzima kuanzia leo, wakati nauli na chakula cha mchana vinaanza Jumamosi hii.

Mangi wa dukani nimeshamwendea jioni hii. Nimemwonyesha barua ya ajira, tumekubaliana nimlipe kwa awamu tatu badala ya kumwahidi zote halafu nimkwepe njia. Mama mwenye nyumba vilevile. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, akasema, "Mwanangu, wewe kula kwanza upate nguvu ya kwenda kazini." Sijui nitamlipaje mama huyu kwa maneno hayo, kodi nitailipa.

Na michango ya NSSF nitaikagua mwenyewe. Mchango wa Mei mwajiri ana mwezi unaofuata kuuwasilisha, kwa hiyo Julai ikianza nitaangalia kama umeingia, na nitafanya hivyo kila robo mwaka. Simdhanii vibaya mwajiri wangu mpya. Nilimwambia dada wa utumishi waziwazi yaliyonikuta, akaniandikia pembeni namba yangu ya uanachama na kusema nikiona pengo lolote nije kwake moja kwa moja. Ninyi mlio kazini, kesho mkiwa mmepumzika, chukueni simu mwangalie taarifa zenu. Msiangalie jumla tu. Shukeni mwezi kwa mwezi, mlinganishe na hati za mshahara. Pengo la mwezi mmoja mkiwa kazini ni barua moja kwa mhasibu. Mkishatoka ni kesi.

Mei Mosi mwaka jana nilisikiliza matangazo kutoka Singida kwenye redio ya jirani. Rais Samia alipotangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, uwanja ulilipuka na jirani yangu, mwalimu, alitoka nje akicheza. Nilimpa mkono kwa furaha ya kweli. Lakini kuna upweke katika sikukuu ya wafanyakazi ukiwa huna kazi. Fulana zinapita, mabango yanapita, matarumbeta, mfanyakazi bora anapewa bahasha, na wewe huna chama, huna idara, huna hata wa kumlalamikia kuhusu nyongeza. Kwenye Idi na Krismasi asiye nacho hualikwa. Mei Mosi hakuna anayekumbuka kualika.

Ndiyo maana salamu zangu za mwaka huu naanza na ninyi mnaosubiri. Wewe uliyemaliza chuo na vyeti viko kwenye bahasha ya kaki. Wewe uliyepunguzwa kazini na bado hujawaambia watoto. Sitawaambia subira huvuta heri, nilichoshwa nayo na nadhani nanyi mmechoshwa. Nawaambia nafasi hii niliisikia kwa dereva wa lori niliyekuwa nikimpakulia mzigo, haikutangazwa popote, na alinitaja kwa msimamizi kwa sababu alikuwa ameniona nikihesabu. Hapa pia kuna vibarua wa kupanga magunia wanaohitajika baada ya sikukuu. Walioko Nyakato, Igoma na Buzuruga, niandikieni usiku huu niwaambie mje saa ngapi na mwulizie nani getini.

Kwenu wauguzi, walinzi, madereva na wapishi mtakaokuwa zamu kesho wakati wengine tuko uwanjani, heri ya Mei Mosi, na mkumbuke saa za kesho zinalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Kwa kaka aliyenikabidhi ghala, safari njema ya tawi jipya. Kwa wote mlionikopesha nauli ya usaili, majina yenu yako kwenye daftari langu, na nitayafuta moja moja kuanzia Mei 31.

Heri ya Mei Mosi, ndugu zangu. Jumamosi saa moja na nusu niko stoo, tunapokea mahindi.