Nimchore mama yao kama alivyojipiga picha, au kama alivyokuwa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya ushauri, kwa kuwa nina kazi mkononi ambayo siwezi kuimaliza wala kuirudisha kabla sijapata mawazo ya watu wasiohusika na familia yenyewe.

Mimi ni mchoraji wa sura. Nafanyia kazi barazani mwa duka la vitambaa karibu na Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na wateja wangu wengi ni watu waliokuja sokoni kwa shughuli zao, wakaona ukutani nyuso zenye mashavu ya rangi ya chungwa na vivuli vya bluu, wakasimama na kutoa simu. Mteja hunionyesha picha, tunapatana ukubwa na bei, analipa kianzio, nami namchorea. Natumia rangi za mafuta za makopo, za aina ile ambayo Edward Saidi Tingatinga na wenzake walianza kuchorea wanyama na ndege juu ya hadibodi hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Mimi napaka juu ya kitambaa cha amerikani kilichokazwa kwenye fremu, na badala ya wanyama nachora watu.

Dada mmoja alinijia akitaka picha ya marehemu mama yake, itundikwe sebuleni katika nyumba ya familia siku ya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Tulipatana shilingi 150,000, akatoa kianzio cha 60,000. Picha aliyokuja nayo ni selfi ambayo mama mwenyewe alijipiga uani kwake, akaiweka kuwa picha yake ya WhatsApp, na haikuwahi kubadilishwa hadi alipofariki. Nilimwomba anitumie kama dokyumenti na si kama picha ya kawaida, kwa sababu picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na kitu cha kwanza kupotea ni mpaka mwembamba kati ya kope na jicho, yaani mahali penyewe ambapo sura ya mtu hukaa.

Nilipoikuza kwenye kioo cha simu niliona mambo mawili. La kwanza, picha ilikuwa imegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia, maana nyuma yake kulikuwa na kanga imeanikwa kambani, na maandishi ya kanga ile yalisomeka kinyume. Hilo si tatizo. Niliigeuza picha kabla ya kuichapisha. La pili ndilo lililonileta kwako. Picha ile imepitia filta ya kurembesha. Nyuzi za kola ya gauni zilionekana moja moja, lakini shavu lililo karibu na kola hiyo lilikuwa laini kama sahani, bila tundu la ngozi wala mkunjo hata mmoja. Fremu ya mlango iliyokuwa nyuma yake ilinyooka vizuri juu na chini, ila ilipofika usawa wa taya ilipinda kuelekea ndani, na hiyo ni dalili kwamba simu iliuvuta uso ili uwe mwembamba, ikauvuta mlango pamoja nao. Rangi ya uso ilikuwa nyeupe kuliko ya mkono ulioonekana pembeni. Nilimweleza dada yule yote haya, naye akanijibu kwamba anajua, na kwamba nichore vile vile.

Nikaanza. Nilichapisha picha kwenye karatasi ya A4 katika duka la steshenari, nikapiga miraba ya sentimita 2, tisa kwa upana na kumi na mbili kwa urefu, kisha nikapiga miraba ya sentimita 6 kwenye turubai la sentimita 54 kwa 72, nikahamisha mistari mraba kwa mraba. Nilipokuwa nimemaliza mchoro wa penseli, mandhari ya nyuma na vivuli vya kwanza vya uso, akaja kaka yao mkubwa. Sijui nani alimwambia mahali nilipo. Alisimama mbele ya turubai kwa muda, halafu akaniuliza, “Fundi, huyu ni nani?”

Alikuwa na picha yake katika simu, iliyopigwa harusini miaka kadhaa nyuma, mama akiwa amesimama katikati ya wanawake wengine. Uso wake humo ni mdogo na umefifia kidogo, lakini mambo yanaonekana: ni mama mweusi hasa, mwenye taya pana, mikunjo miwili mirefu kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, na alama nyeusi ya kuzaliwa kwenye shavu la kushoto. Katika selfi alama hiyo haipo kabisa. Kaka alisema kwamba watoto wa familia, walipokuwa wadogo wakibebwa, walikuwa wakiishika alama ile kwa kidole, na kwamba mjukuu akiletwa mbele ya picha isiyo nayo atakuwa anaonyeshwa mtu baki. Alisema yuko tayari kulipa salio lote na kuongeza, ili mradi nimchore mama yake alivyokuwa.

Nilimpigia dada simu, na kesho yake wakaja wote wawili. Ndugu Mhariri, kila mmoja alisema neno ambalo sikuweza kulipinga. Dada alisema hivi: “Kaka, picha ile sikuipiga mimi. Mama aliipiga mwenyewe, akaichagua mwenyewe, akatuonyesha sote akiwa na furaha. Hivyo ndivyo alivyotaka tumwone. Leo hayupo, ndiyo tumrudishie makunyanzi aliyoyaondoa kwa mkono wake?” Kaka mkubwa naye alimjibu kwamba simu ndiyo iliyochagua weupe ule na si mama, kwa kuwa simu nyingi siku hizi hurembesha uso zenyewe bila mtu kuombwa, na mama hakuwahi kujua kuizima hiyo filta.

Halafu dada akanigeukia mimi na kuniuliza swali ambalo wateja huniuliza kila mara, ila yeye aliuliza kwa uchungu: ikiwa naweza kumpaka mama yake bluu shavuni na zambarau shingoni, nina haki gani ya kusema kwamba alama moja nyeusi au ngozi nyeusi ni jambo kubwa?

Hapa niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu jibu langu linatoka humo. Sura ya mtu haikai katika rangi, inakaa katika vipimo na katika mpangilio wa mwanga na giza. Kivuli cha chini ya shavu naweza kukifanya bluu, kijani au zambarau, na jamaa zake watamtambua, mradi kivuli hicho kiwe na uzito ule ule wa giza uliopo usoni. Mimi hujipima kwa kuipiga turubai picha ya simu na kuibadilisha kuwa nyeusi na nyeupe. Ikiwa bado ni yule mtu, kazi imesimama, na ikiwa amekuwa mtu mwingine, hakuna rangi itakayoiokoa. Kwa hiyo bluu yangu haimdanganyi mtu. Lakini filta haikugusa rangi peke yake. Ilipunguza taya, ikakuza macho, ikayafuta yale makunyanzi mawili ambayo ni vivuli vya kweli vya uso ule. Nilipoigeuza selfi na picha ya harusi kuwa nyeusi na nyeupe na kuziweka pamoja, zilikuwa nyuso za watu wawili wanaofanana kama mtu na dada yake mdogo. Hata picha ya harusi si shahidi kamili, maana imepigwa kwa mbali na chini ya taa kali, na kutoka katika uso wenye ukubwa wa ukucha siwezi kupata umbo sahihi la jicho. Jicho zuri nililo nalo liko katika selfi, na hilo nalo limekuzwa.

Nilijaribu kuwapa njia ya kati. Ngozi naweza kuifanya ionekane nyeusi au nyeupe zaidi bila kuibadilisha, kwa kubadilisha kinachoizunguka: kahawia ile ile ikiwekwa juu ya njano kali huonekana imekolea, na ikiwekwa juu ya bluu nzito huonekana imeng’aa na kupata joto. Niliwashauri nipake mandhari ya njano, nirudishe taya mahali pake kwa kadiri ninavyoweza kuipima, niweke alama shavuni, na niache macho na tabasamu la selfi. Kaka alikubali nusu, dada akakataa. Alisema kitakachotoka hapo si mama wa picha wala mama wa kweli, bali mama wa fundi. Neno hilo limenikaa. Niliwauliza pia kama nichore mbili, wakasema ukuta wa sebule ni mmoja, na itakayobaki chumbani itakuwa ndiyo iliyoshindwa.

Sasa muda unanibana. Rangi ya mafuta ya kopo hairuhusu mtu kusitasita juu ya ngozi. Nikianza na ngozi nyeupe kiasi na baadaye wakaamua iwe nyeusi, naweza kuikolezea juu kwa tabaka jembamba. Nikianza na nyeusi na wakataka nyeupe, italazimu nifunike kwanza kwa rangi nyeupe, nisubiri ikauke, kisha nipake tena, na tabaka zikiwa nene hivyo rangi hukunjamana juu kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, hasa hewa ikiwa na unyevu. Kila tabaka huliachia angalau usiku mmoja, na misa imekaribia. Kianzio cha dada nimekwisha kukinunulia rangi, tina na kitambaa. Fedha ya kaka sikuipokea.

Naomba wasomaji wanisaidie kwa mambo haya. Je, picha ya marehemu ni ya mtoto aliyeiagiza na kulipa kianzio, ya watoto wote, au ya marehemu aliyejipiga mwenyewe? Ikiwa ni ya marehemu, je, tuhesabu kwamba aliichagua sura ile, wakati huenda simu ilimchagulia? Na je, ni halali mimi kama fundi kukataa kuifuta alama ya mtu usoni, hata kama aliyelipa ndiye anayetaka ifutwe, au wajibu wangu unaishia kwenye picha niliyopewa? Kuna mzee jirani yangu hapa sokoni anayesema niwaite pamoja na mama yao mdogo, yaani mdogo wake marehemu, aamue yeye mbele ya turubai. Naliona ni wazo zuri, ila naogopa kuingiza mtu wa tatu katika ugomvi wa ndugu wawili ambao kwa sasa bado wanasalimiana.

Aliyewahi kuchora sura za marehemu, au aliyewahi kuagiza picha ya mzazi wake ikazua mgogoro kama huu, tafadhali aniandikie alivyofanya. Turubai nimeligeuzia ukutani ili wapita njia wasianze kutoa maoni, na ngozi ya uso sitaigusa hadi nipate majibu.

Wako katika kazi,

Mchoraji wa Mtaa wa Kongo,
Dar es Salaam