Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama

Ndugu wanachama, wajumbe wa bodi, Bwana Ushirika na wageni waalikwa, shikamooni wazee, habari zenu wote.

Mapato na matumizi atayasoma mhasibu, na paa la ghala mmeliona wenyewe mlipoingia. Mimi leo nataka kuzungumzia zabuni, kwa sababu ndizo zilizotupa maneno mengi mwaka huu, na mengine yamefika hadi Mbalizi yakiwa yameongezwa chumvi.

Naanza na ile ya maharage ya mwezi wa tatu. Ni kweli tulichelewa, na hatukuchelewa kwa uzembe wa dereva. Tangazo lilikuwa la Kiingereza, na mwisho wa kupokea bahasha uliandikwa «10:00». Katika muhtasari wetu tuliandika saa kumi. Tukafika saa tisa alasiri tukijiona tumewahi, tukakuta sanduku limefunguliwa tangu saa nne asubuhi. Saa ya Kiingereza inaanza kuhesabu usiku wa manane, ya kwetu inaanza jua likichomoza, na tofauti ni saa sita. Kosa ni langu pia, kwa sababu niliusoma muhtasari nikatia sahihi. Sasa kila muda tunauandika kwa maneno, pamoja na asubuhi au jioni, na siku ya wiki. Zabuni za serikali zinapitia mfumo wa mtandaoni wa NeST tangu 2023, na huko mfumo unajifunga wenyewe muda ukifika. Hakuna mlinzi wa kumwomba.

Zabuni ya pili ilikuwa ya mahindi, tani 150, ya mnunuzi binafsi. Kitabu chake kilikuwa na kurasa 94. Safari hii tulikaa watu wanne: katibu, meneja, mimi, na mwalimu wa Kiingereza wa sekondari yetu ambaye alikubali kulipwa chai na nauli. Siku ya kwanza tulijaribu kutafsiri kila mstari. Tulipofika ukurasa wa tisa jua lilikuwa limezama. Mwalimu akasema tuache kutafsiri, tutafute kwanza kila sharti linafanya kazi gani.

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Masharti ya kitabu kile ni ya aina tatu, ila yametawanyika. Kuna ya mlangoni: ukikosa moja unatolewa, na bei yako haisomwi kabisa. Usajili wa ushirika, cheti cha kodi, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, barua ya kumpa mtu mmoja mamlaka ya kusaini, sampuli yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hakuna alama hapo, ni ndiyo au hapana. Kuna ya alama, yanayokushindanisha na wenzako waliopita mlangoni. Na kuna yanayokubana ukishinda, kama lile la bei yetu kusimama siku 120 tangu siku ya mwisho ya kupokea bahasha. Mnajua bei ya mahindi ya mwezi wa sita na ya mwezi wa kumi zilivyo mbalimbali. Muhtasari wetu ukawa karatasi moja yenye mafungu hayo matatu, na kila mstari una namba ya kifungu na ukurasa, ili mwenye shaka afungue kitabu mwenyewe.

Kabla ya kuutumia tuliusomea bodi. Tulipofika sharti la mlangoni lililodai mauzo ya wastani wa shilingi milioni 120 kwa mwaka, mama mmoja mjumbe akauliza, «Mwenyekiti, hayo mauzo ni ya chama au ni yetu sisi?»

Tulinyamaza wote. Neno la kitabu lilikuwa tanova, na katika rasimu ya kwanza meneja alikuwa ameliandika «mtaji», ambalo ni jambo jingine kabisa. Tukalisahihisha kuwa mauzo, tukadhani tumemaliza. Lakini swali la mama lilikuwa zito kuliko neno. Kwa miaka mitatu chama kimepitisha wastani wa tani 270 kwa mwaka. Kwa bei ya shilingi 600 kwa kilo, hizo ni milioni 162, tunapita bila wasiwasi. Ila mahindi yale ni yenu, chama kinauza kwa niaba yenu, na kinachobaki kwetu ni ushuru wa shilingi 30 kwa kilo. Kwenye hesabu zilizokaguliwa, mstari wa mapato unaonyesha milioni 8 na laki moja. Msomaji wa upande wa pili akiangalia mstari huo peke yake, anatutupa nje.

Kitabu kiliruhusu maswali ya maandishi hadi siku saba kabla ya mwisho. Tuliandika swali moja, kwa Kiingereza chepesi: je, thamani ya mazao ya wanachama yaliyouzwa kupitia chama inahesabiwa? Jibu lilikuja, na walilituma kwa wazabuni wote: inahesabiwa, mradi imeonyeshwa ndani ya taarifa ya mkaguzi. Kwetu ilikuwepo, imejificha kwenye maelezo ya mwisho ya hesabu. Tulitoa nakala ya ukurasa huo, tukaupigia mstari, tukauweka mbele.

Sasa alama, maana hapa ndipo baadhi yenu mnasema bodi iliwaangusha kwa kukataa kushusha bei. Ufundi ulikuwa na alama 70: ghala 25, uzoefu 25, udhibiti wa ubora 20. Bei ilikuwa na alama 30 tu, na kanuni yake ilikuwa kifungu kimoja kifupi: bei ya chini kuliko zote, gawanya kwa bei yako, zidisha kwa 30. Sisi tuliweka 640. Aliyeweka bei ya chini kabisa aliweka 600. Kwa hiyo tulipata 28.1 badala ya 30. Zile shilingi 40 mlizotaka tushushe zingetupa alama mbili kasoro, na kwa tani 150 zingewatoa mfukoni milioni sita.

Tulikopotea ni kwingine. Baada ya matokeo tuliomba kwa barua mchanganuo wa alama, wakatupa. Ghala tulipata 20, uzoefu 22, ubora 12 kati ya 20. Jumla na bei, 82.1. Mshindi aliuza kwa shilingi 660, ghali kuliko sisi, akapata 27.3 kwenye bei na 60 kwenye ufundi. Akatupita kwa 5.2.

Hizo nane za ubora zilitutoka hivi: kitabu kilidai kumbukumbu za kupima unyevu kwa kila shehena iliyoingia ghalani. Sisi tunapima kwa meno na kwa kutikisa punje kwenye chupa yenye chumvi. Chupa haiandiki tarehe wala namba. Na nikiri kwamba katika muhtasari wetu sharti hilo tuliliandika «tuwe tunapima unyevu». Neno kumbukumbu lilianguka njiani, kila aliyesoma akasema ndiyo, tunapima.

Kwa hiyo bodi inaleta maombi mawili kwenye ajenda namba saba. La kwanza ni idhini ya kununua kipima unyevu na daftari la ghala kabla mahindi mapya hayajaanza kuingia, kutoka kwenye ushuru wa mwaka huu. La pili ni kwamba muhtasari wa kila zabuni ubandikwe mlangoni mwa ofisi siku tatu kabla hatujatia sahihi, na kitabu cha Kiingereza kikae mezani kwa katibu kwa yeyote atakayetaka kulinganisha. Mwalimu amekubali kuendelea. Safari hii ameomba na nauli ya kurudi.