Jina gani dereva atalisoma kabla hajatupita?

Ndugu mshauri na wasomaji,

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Tunaomba ushauri wa jina. Sisi ni washirika wawili, mmoja fundi magari na mwingine mchoraji wa mabango, na tunafungua sehemu ya kuoshea magari na kuziba pancha Usa River, kando ya barabara ya Arusha–Moshi. Kiwanja kiko baada ya kona, kwa hiyo anayetoka Arusha anaanza kutuona akiwa umbali wa mita 120 hivi.

Mwenye kiwanja, ambaye tunamheshimu sana, anapenda tuitwe "Neema na Baraka Huduma Bora za Magari". Maneno ni mazuri, ila hesabu ya barabara inayakataa. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akishaamua kuingia, anatumia kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujafika kwenye breki, yaani mita 21, kisha anahitaji mita 40 hivi kupunguza mwendo taratibu bila kumshtua aliye nyuma yake. Kwa hiyo asipokuwa ameamua zikiwa zimebaki mita 60, amepita, na hakuna anayegeuza gari barabara kuu kwa ajili ya kuosha. Kati ya kutuona na kuamua ana sekunde nne na ushei, na humo humo anaangalia bodaboda na daladala iliyosimama ghafla.

Sasa lije bango. Shiti la bati la futi 4 kwa 8 lina upana wa sentimita 244, na ukiacha pembezoni sentimita 10 kila upande zinabaki 224. Herufi kubwa nene, zisizo na mikia, kila sentimita ya urefu wake inasomeka kwa takriban mita 3 mchana kwa mtu mwenye macho mazima. Herufi ya sentimita 30 basi inasomeka kuanzia mita 90, na hiyo inatosha. Lakini herufi ya namna hiyo, pamoja na nafasi yake, inakula kama sentimita 25 za upana, kwa hiyo mstari mmoja hauchukui zaidi ya nane au tisa. Jina la mwenye kiwanja lina herufi na nafasi 37. Likipangwa mstari mmoja, herufi zinashuka hadi sentimita 7 na kusomeka mita 21, dereva akiwa tayari mlangoni. Hata likikatwa mistari miwili, linasomeka mita 38 hivi, bado ndani ya zile 60.

Kwa hiyo tumebaki na jina fupi, TONE, na chini yake OSHA GARI, mistari yote miwili ikiwa na herufi za sentimita 30. Kuandika OSHA peke yake hatuthubutu, maana huo ni wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na mtu atadhani ni ofisi. Jina lenye Meru au Kili nalo tumeliogopa: yako mengi, BRELA inaweza kulikataa likifanana na lililokwisha sajiliwa, na mteja akimwelekeza mwenzake kwa simu atampeleka kwa jirani. Pancha hatuiandiki kabisa. Tairi lililopakwa rangi nyeupe na kusimamishwa mbele linatosha, kila dereva analijua.

Ugomvi wetu uko hapa. Fundi anasema OSHA GARI ikae juu na TONE chini, kwa sababu mpita njia anatafuta huduma, hajali inaitwaje. Mchoraji anasema kila aoshaye magari ana maneno hayo, na dereva asipoliona jina kwanza, kesho hatakumbuka ni wapi alipoona pamekaa vizuri. Isitoshe, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na tusipopata ruhusa ya TANROADS bango litakaa nyuma ya hapo, dereva atalazimika kutazama pembeni. Litasimama kukabili magari, si kulala sambamba na barabara, maana likilala herufi zinabanana kwa anayekuja. Lakini kwa umbali huo huenda akaudaka mstari mmoja tu.

Nyie mnaopita Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River kila siku, tuambieni: mkidaka mstari mmoja tu, upi utawafanya mpunguze mwendo? Na je, mkimwambia bodaboda "nipeleke TONE", atawaelewa mara moja au atawauliza tone la nini?

Washirika wawili,
Usa River, Arusha