Barua kwa Asha: sura ya nne iwe kurasa mbili

Kikwajuni, Unguja
Jumapili usiku

Shoga yangu Asha,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, na Mwanakombo anakusalimu sana, anasema deni lako analikumbuka. Salamu nyengine tutazimaliza tukionana, maana nina jambo na wewe.

Bahasha yako nimeipokea. Sura nzima ya nne ya tasnifu yako ya kilimo cha mwani, imechapwa, ina majadweli na vielelezo vyake vyote, na juu yake kikaratasi: "Nifupishie, nataka kuipeleka kwa Afisa Mdhamini." Nikaanza kufupisha kweli, kalamu mkononi. Nilipofika ukurasa wa tano nikaiweka chini. Hii sura haifupishiki, Asha. Hata ukiipunguza ikawa kurasa mbili, itabaki sura, fupi tu.

Wewe umemwandikia mtahini, na mtahini anauliza umejuaje. Ndiyo maana unaanza na nadharia, kisha waliotangulia, kisha mbinu, na jambo lenyewe linatokea mwisho. Afisa Mdhamini, anayeisimamia wizara hapo Pemba, hana swali hilo, au analo kidogo. Anachotaka kujua ni afanye nini, kwa fungu gani la fedha, lini, na nani atakuja kumlalamikia akishafanya. Kwa hiyo anza na ukurasa wako wa mwisho, urudi nyuma, na kila unachokikuta njiani kiulize kama kinasaidia kulijibu swali lake. Kisichosaidia kibaki kwenye tasnifu, kule kina wenyewe.

Mfano ni zile kurasa za historia. Kwamba kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 Paje na Jambiani, kwamba wakulima wengi ni wanawake, kwamba mwani unaingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Yote kweli, na yote anayajua. Mtu wa idara ya mwani ukimweleza mwani ni nini, atakuona huna jipya hata kabla hajafika kwenye jipya lako.

Na jipya unalo, ndiyo maana naandika usiku huu. Umelifukia tu chini ya jadweli la 4.7. Kotonii, ule mwani mnene wenye bei nzuri, haustahamili joto la maji mafupi. Maji yakitoka yale yanayobaki yanachemka kwa jua, yanapita nyuzi 30, mwani unakuwa mweupe, unakatika, na mkulima anabakiwa na kamba na taitai. Wakulima wakashauriwa kuhamia maji ya kina. Hilo nalo afisa analijua. Asilolijua ni ulichokikuta wewe: vikundi havikurudi maji mafupi kwa sababu mwani wa kina umekataa. Vilirudi kwa sababu chombo ni cha kikundi lakini nahodha ni wa kukodi, na bahari ikiwa nzuri nahodha anakwenda kuvua. Wanawake wanabaki ufukweni wanakitazama chombo chao wenyewe, kwa sababu hakuna hata mmoja anayejua kukiendesha, na wengi hawajui kuogelea. Mwani haukungojei, ukifika siku zake lazima uvunwe.

Bibi wee, hiyo ndiyo sentensi yako ya kwanza! Iweke hata kwenye kichwa cha habari. Si "Changamoto na fursa za kilimo cha mwani katika maji ya kina: mfano wa Wilaya ya Micheweni." Andika "Vyombo vya mwani vinakaa ufukweni kwa kukosa manahodha wanawake." Asiyefungua ukurasa wa pili atakuwa keshapata.

Sasa tuje kwenye mapendekezo, na hapa utanisamehe. La kwanza umeandika: "Serikali kwa kushirikiana na wadau iwawezeshe wanawake kupata vifaa vya kisasa." Nimekaa mipango muda wa kutosha kujua sentensi hiyo inakwenda wapi. Afisa akiipenda kazi yako ataandika dokezo kwa mkubwa wake, na kwenye dokezo atanakili pendekezo lako kama lilivyo, hana muda wa kulitunga upya. Dokezo la "iwawezeshe" litajibiwa "Nimeona, ahsante," kisha linaingia kwenye jalada. Hakuna wa kulaumiwa hapo, hakuna aliyeambiwa afanye kitu. Na tena, shoga, wewe mwenyewe umegundua kwamba vifaa wanavyo! Tatizo ni nani anakiongoza chombo. Pendekezo lako linapingana na matokeo yako, nashangaa msimamizi wako hakuliona.

Jaribu hivi: "Kabla ya kukabidhi chombo kwa kikundi cha mwani, idara ithibitishe kwamba wanachama wawili au zaidi wamefundishwa kuogelea na kukiendesha, na sharti hilo liandikwe kwenye fomu ya makabidhiano." Lione lilivyo. Kuna anayetenda, kuna kitendo, kuna wakati, na mwakani mtu yeyote anaweza kufungua fomu akaona kama limefuatwa. Nimeweka wawili kwa sababu mmoja akiumwa au akijifungua tumerudi kwa nahodha wa kukodi, lakini wewe umekaa nao, idadi iamue wewe.

Na hilo halihitaji fedha nyingi, fomu ni ile ile. Mafunzo ndiyo yanayohitaji: mwalimu, jaketi za kuokolea, mafuta, na siku ambazo maji yanafaa. Hapa utenganishe. Kwa Afisa Mdhamini peleka analoweza kulianza mwaka huu kwa watu alionao. La fedha mpya liandike kando, la mwaka ujao, kwa sababu hata akilitaka itabidi lipande Unguja kwa Katibu Mkuu. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na bajeti inasomwa Barazani mwezi wa Mei na Juni, lakini wizara zinakuwa zimeshapanga miezi mingi nyuma. Ukifika na waraka wako Aprili utapokewa vizuri sana, utapewa na chai, na hakuna kitakachoingia. Weka na makisio ya gharama kwa kikundi kimoja, hata yawe ya kukadiria, mradi useme umeyapataje. Usipoweka wewe, atayaweka mtu asiyeijua bei ya mafuta Micheweni.

Nirudi kwenye jadweli la 4.7, nalo ni mtego. Umeandika kwamba kikundi chenye mwanachama anayejua chombo "kina uwezekano mara" kadhaa zaidi wa kuendelea, ukauchukua ule uwiano wa lojistiki kama ulivyo. Uwiano ule haulinganishi vikundi vinavyoendelea kwa kila mia. Unalinganisha wanaoendelea kwa walioacha. Tuseme umetoka 3. Ikiwa kwa kawaida vinaendelea vikundi 50 katika 100, yaani mmoja kwa mmoja, basi uwiano wa 3 ni watatu kwa mmoja, ambao ni 75 katika 100. Si mara tatu, maana mara tatu ya 50 ni 150 katika 100, vikundi hivyo vitatoka wapi? Afisa mmoja mwenye hesabu akilikamata hilo, hata mazuri yako hayatasadikiwa. Waandikie wangapi katika wangapi waliendelea, basi. Nyota za jadweli ziache kwenye tasnifu.

Kingine kinachonitia wasiwasi ni kwamba ulihojiana kaskazi peke yake. Kaskazi ndipo joto linapozidi, kwa hiyo atakayetaka kukupinga atasema hao waliacha kwa msimu, ngoja kusi uone watarudi. Usilifiche, liseme mwenyewe kwa sentensi moja, pamoja na kwamba shehia zako ni mbili na hazisemei Pemba yote. Kisha onesha kwamba sharti la wanachama wawili linafaa upepo wowote, kwa sababu hata kusi chombo hakijiendeshi. Pendekezo lililosimama juu ya msimu mmoja tu ningelitoa. Lile la tatu kwa mfano, la kuhamisha mashamba yote, ushahidi wako haulibebi hata kidogo.

Na maneno ya yule "mjane, katibu wa kikundi, miaka 52" yatoe, tafadhali. Kwenye tasnifu alikuwa hajulikani kwa sababu hakuna aliyeisoma. Waraka huu sheha atauona, na shehia ile ina katibu mjane wangapi? Kama maneno yake unayahitaji, na ni mazuri wallahi, hasa pale anapomsema nahodha, andika "mkulima mmoja" na umuulize kwanza.

Umemtaja nahodha kama mtu mbaya pia. Mimi sikubali. Yule ana watu wake wa kulisha, na siku ya samaki inamlipa kuliko ya mwani. Kwenye waraka useme wazi kwamba yeye atapoteza vibarua, kwa sababu afisa lazima atafikiwa na malalamiko hayo, na afadhali ayasikie kwako. Labda yeye ndiye awe mwalimu wao, alipwe? Sijui, ni wazo tu, limenijia sasa hivi.

Mbinu nimezipunguza zikawa sentensi mbili: uliongea na nani, wapi, lini. Nimezibandika nyuma ya karatasi ya tatu.

Sasa nijibu upesi. Hivyo vikundi vinamlipa nahodha kwa siku au kwa gawio la mavuno? Makisio yote yanategemea hapo. Kuna kikundi hata kimoja ambacho mwanamke ndiye anayeongoza chombo, na anasemaje? Fomu ya makabidhiano umewahi kuiona kwa macho, au tunaidhania? Utaonana na Afisa Mdhamini mwenyewe au utaacha kwa karani? Ukiacha kwa karani weka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Maalim Juma atakusindikiza? Na mama, mguu unaendeleaje, ile dawa ya kuchua ilimfaa?

Yule dereva wa gari ya Konde anakuja Unguja Alkhamisi, mpe rasimu mpya aniletee.

Wako,
Zuhura