Barua kwa Upendo kuhusu ile 3.4

Pasua, Moshi
18 Oktoba 2024

Rafiki yangu Upendo,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, na mama anakusalimu sana, bado anauliza lini utakuja kumpikia ile ndizi nyama uliyoisifia.

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku na picha za matokeo nimeziona. Unasema mfumo umekuandikia GPA ya 3.4 kwa mwaka wa pili na wewe ukipiga hesabu unapata 3.6, na Jumatatu unataka kwenda kulipia rufaa. Nakuomba usilipe kwanza. Nimekaa na daftari na kurasa za kijitabu cha kanuni za chuo chenu ulizonipiga picha, nikapitia somo moja baada ya jingine. Mfumo haujakosea, lakini pia hali yako si mbaya kama unavyodhani. Niache nikueleze taratibu.

Tuanze na Takwimu, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Mara ya kwanza ulipata 33, ukaingia sapu, yaani mtihani wa marudio, ukapata 64. Najua ulivyoisomea hiyo sapu, nilikuwa nakupigia saa tano za usiku nakukuta bado uko macho. Kwenye daftari lako 64 umeiweka B+, pointi 4, kwa sababu B+ ni 60 hadi 69. Ingekuwa mtihani wa kwanza ungekuwa sahihi kabisa. Ila kanuni inasema anayefaulu sapu anapewa C tu, hata akipata 90. C ni pointi 2. Somo lina krediti 12, kwa hiyo linakuletea 24 na si 48. Sioni raha kukuandikia hivyo, na kwa maoni yangu kanuni hii ni kali kwa mtu aliyetoka 33 hadi 64, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Sasa masomo mengine ya mwaka wa pili. Ya krediti 12 yamebaki saba: una A moja, B+ tatu na B tatu. A ni pointi 5 na B ni 3, kwa hiyo ukizidisha pointi na krediti unapata 60, kisha 144, kisha 108. Ya krediti 8 yako matatu, moja A, moja B na moja C, yote pamoja 80. Ongeza 24 za Takwimu, jumla ni 416. Krediti zote za mwaka ni 120. Gawanya: 3.466 na kuendelea.

Hapo ndipo ulipoumia mara ya pili. Sisi tuliozoea hesabu za sekondari tukiona 3.466 mkono unaandika 3.5 wenyewe. Chuo hakikadirii. Kinachukua tarakimu moja baada ya nukta na kukata zilizobaki, hata kama ni 3.499. Ndiyo maana umeandikiwa 3.4. Isome tena ile kanuni ya GPA kwenye ukurasa ulionitumia, neno lililotumika pale ni kukata, si kukadiria.

Lakini wewe hata 3.466 hukuipata, ulipata 3.56. Nimetafuta kwa muda mrefu ilikotoka, chai ikapoa, mpaka nikaiona chini kabisa ya daftari lako: Hesabu za mwaka wa kwanza. Lile somo ulilofeli pamoja na sapu yake, ukalibeba, ukalirudia mwaka huu na kupata 46. Umeliingiza kwenye orodha ya mwaka wa pili, krediti zikawa 128 na pointi 456 pamoja na ile B+ ya Takwimu. Somo la kubeba halihami mwaka, Upendo. Unalifanya mwaka wa pili, unakaa darasani na wadogo zako, lakini daraja lake linarudi kwenye mwaka lilikotoka, linafuta ile E. Na krediti zake zinahesabiwa mara moja tu.

Kwa hiyo fungua matokeo ya mwaka wa kwanza uone kilichotokea huko. Ulikuwa na pointi 412 kwa krediti 120, yaani 3.433, ikaandikwa 3.4. Hesabu zina krediti 8 na zilikuwa zimekaa pale na sifuri, maana E haina pointi ila krediti zake zinabaki chini ya mstari na kukuvuta. Sasa umepata C, 2 mara 8 ni 16. Mwaka wa kwanza umekuwa 428, ukigawanya kwa 120 ni 3.566. Mfumo ukishasasishwa utaandika 3.5. Kama bado unaonyesha 3.4 kwa mwaka wa kwanza, hicho ndicho cha kwenda kuulizia ofisi ya mitihani, na huhitaji kulipa rufaa. Rufaa ni ya kutaka karatasi isahihishwe upya. Daraja ambalo halijaingizwa, au limeingizwa pasipo pake, ni la kupeleka kwa mratibu wa mitihani wa idara ukiwa na nakala ya matokeo.

Nayajua haya kwa sababu mwaka jana yalinipata. Niliugua taifodi wiki ya mitihani, nikaomba kuahirisha, nikapewa speshali mwezi Septemba. Speshali tunaifanya siku moja na watu wa sapu, chumba kimoja, karatasi ileile. Matokeo yalipotoka nina 66 na pembeni C. Mtu aliniingiza kama wa sapu. Speshali ni mtihani wa kwanza ulioahirishwa, haina ukomo wa C. Nilienda na barua ya ruhusa iliyopigwa muhuri, wakabadilisha ikawa B+. Bila ile barua sijui ningesema nini. Wewe hukuwa na speshali, kwa hiyo upande huo uko salama.

Sasa lile unalolilia, kwamba 3.4 imekutoa kwenye daraja la pili la juu, ambalo linaanzia 3.5. Usichukue 3.5 ya mwaka wa kwanza na 3.4 ya mwaka wa pili ukagawanya kwa mbili, utapata 3.45 na kuumia bure. Hizo ni namba zilizokwisha kukatwa. Kanuni inajumlisha pointi zote na krediti zote, inagawanya mara moja, inakata mara moja mwishoni. 428 na 416 ni 844. Krediti 240. Jibu ni 3.516. Leo hii uko juu ya mstari.

Na mwaka wa tatu? Kozi nzima ni krediti 360, na 3.5 mara 360 ni 1,260. Toa 844, zinabaki 416. Zilezile ulizopata mwaka huu pamoja na sapu yake! Ukipata 416 tena mfumo utaandika 3.4 ya mwaka, na bado utahitimu na 3.5 kamili. Ila ukumbuke haitabaki hata pointi moja ya akiba. Sapu moja ya krediti 12 kwenye somo ambalo ungepata B inakunyang'anya pointi 12.

Nitumie picha ya matokeo ya mwaka wa kwanza yalivyo leo, nione kama zile Hesabu zimeshabadilika. Kama bado, nitapanda basi Jumatatu asubuhi tuonane hapo Arusha, twende wote kwa mratibu.

Wako,
Neema