Majibu ya Ufahamu Kuhusu Mwani na Joto la Bahari

Jambiani, Unguja

Rafiki yangu mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Uliniuliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamejibuje ule ufahamu wa mabadiliko ya tabianchi, na kama kweli wanaweza kunukuu sentensi kamili badala ya kuokota maneno mawili matatu. Nimemaliza kusahihisha jana usiku, na kwa kuwa kifungu nilikitunga mwenyewe, nakunakilia sehemu yake ili tuwe tunasoma jambo moja:

"Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Wakulima, wengi wao wakiwa wanawake, wamekuwa wakipanda aina mbili, kotonii na spinosamu, na kotonii ndiyo yenye bei kubwa zaidi. Katika miongo ya karibuni bahari imezidi kupata joto, na maji ya kina kifupi yanapokupwa mchana wa jua kali, joto lake hupita nyuzi 30. Hali hiyo huudhoofisha mwani, ukapauka matawini, ukalainika na kukatika kabla ya kuvunwa. Kotonii huathirika zaidi kuliko spinosamu. Kwa sababu hiyo wakulima wengi wameiacha kotonii na kubaki na spinosamu, ijapokuwa bei yake ni ndogo. Baadhi yao wamejaribu kupanda kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto halipandi sana, lakini huko hakuendeki bila boti wala bila kujua kuogelea."

Swali lililowaangusha wengi ni hili: "Kwa nini wakulima wengi wameacha kupanda kotonii? Thibitisha jibu lako kwa kunukuu kifungu katika sentensi kamili." Nililitengea alama 3, moja ya jibu, moja ya nukuu, na moja ya kueleza jinsi nukuu inavyolibeba jibu. Zaidi ya nusu ya darasa walinukuu sentensi inayoanza na "Kwa sababu hiyo wakulima wengi wameiacha kotonii". Ukiitazama haraka utaipa alama, kwa maana ina maneno yote ya swali, tena imetangulizwa na neno "sababu". Lakini isome tena polepole uone kwamba sentensi hiyo inasema kilichotokea tu, na sababu yenyewe imeirudisha nyuma kwa neno "hiyo". Mwanafunzi anayeinukuu amenijibu kwamba wakulima wameacha kotonii kwa sababu wameacha kotonii. Nimegundua kwamba wanapotafuta ushahidi huwa hawatafuti maana, bali hupitisha kidole kwenye mistari wakitafuta maneno yanayofanana na swali, na kidole kikigonga "kotonii" na "wameiacha" huishia hapo.

Waliofika kwenye sentensi ya nne walikuwa karibu zaidi na haki, ila wengi waliiacha ikining'inia. "Hali hiyo huudhoofisha mwani" ni sentensi kamili kisarufi, lakini ikitolewa peke yake msomaji hajui ni hali ipi. Kivumishi kioneshi kinadai jina lake, na jina hilo limebaki katika sentensi iliyotangulia. Hapa ndipo ile alama ya tatu inapofanya kazi, maana mwanafunzi hana ruhusa ya kuyabadilisha maneno ya kifungu ndani ya alama za kunukuu, lakini anaweza, na anapaswa, kulifafanua neno hilo kwa maneno yake mwenyewe nje ya alama hizo. Jibu nililolipa alama zote 3 liliandikwa hivi, nami sikuongeza wala kupunguza neno:

"Wakulima wengi wameacha kupanda kotonii kwa sababu aina hiyo haivumilii joto la bahari kama spinosamu. Kifungu kinasema: 'Hali hiyo huudhoofisha mwani, ukapauka matawini, ukalainika na kukatika kabla ya kuvunwa.' Hali inayotajwa ni maji ya kina kifupi kupata joto la zaidi ya nyuzi 30. Kifungu kinaongeza kwamba: 'Kotonii huathirika zaidi kuliko spinosamu.' Kwa hiyo mkulima wa kotonii hupoteza mavuno mengi zaidi, hata kama bei yake ni kubwa."

Sentensi ya mwisho haimo katika kifungu, ameichuma mwenyewe kutokana na zile mbili alizonukuu, na hapo nilitambua kwamba amesoma.

Swali la pili lilinipa hoja ambayo nitaitumia kila nikisisitiza nukuu kamili. Niliwauliza kama kifungu kinazungumzia hali ya hewa au mabadiliko ya tabianchi, na ni sentensi ipi inayoonyesha hivyo. Wengi waliandika kwamba ni tabianchi, jambo ambalo ni sahihi, kisha wakanukuu kipande hiki: "maji ya kina kifupi yanapokupwa mchana wa jua kali, joto lake hupita nyuzi 30." Kipande hicho kinathibitisha kinyume cha walichosema, kwa sababu mchana mmoja wa jua kali ni hali ya hewa. Wataalamu huipima tabianchi kwa wastani wa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30, na neno la pekee linalobeba muda huo katika kifungu ni "miongo", ambalo limo kwenye nusu ya kwanza waliyoikata. Sentensi ilikuwa ileile, ushahidi ukabaki kwenye karatasi ya maswali.

Kuna binti mmoja aliyenishinda kidogo. Katika swali la kotonii aliandika, ndani ya alama za kunukuu, maneno ya mama yake: "Kotonii sasa haishiki, ukiifunga kwenye tai-tai leo, bamvua lijalo unakuta kamba tupu." Mama yake analima mwani hapa hapa, na asemayo ni kweli tupu, tena yana uhai kuliko kifungu changu. Alama ya jibu nilimpa. Ya nukuu nilimnyima, kwa kuwa swali lilisema nukuu itoke katika kifungu, nikamwandikia pembeni kwamba ushahidi wake ni mzuri ila umetoka ufukweni.

Makosa mengine ni yangu. Swali la nne niliuliza: "Ni nini chanzo cha bahari kupata joto? Nukuu ushahidi." Wanafunzi waliosoma Jiografia vizuri waliandika kuhusu hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma mafuta na makaa ya mawe, wakaeleza kwamba sehemu kubwa ya joto linalonaswa huishia baharini, na yote hayo ni sawa. Wakatafuta nukuu wasiione, kwa sababu kifungu hakikutaja chanzo hata kwa neno moja. Wawili wakabuni sentensi na kuifunga kwa alama za kunukuu kana kwamba ni yangu, na mmoja tu ndiye aliyethubutu kuandika: "Kifungu hakielezi chanzo cha joto hilo." Huyo nilimpa alama zote. Waliobuni niliwapa sifuri, ingawa roho iliniuma, kwani mimi ndiye niliyewasukuma pembeni. Swali hilo nimeliondoa kwenye jumla.

Ukitaka kukitumia kifungu hiki kwa wanafunzi wako huko Tanga, liandike swali la nne upya hivi: "Je, kifungu kinaeleza chanzo cha bahari kupata joto? Thibitisha." Nami ningependa uniambie ungempa ngapi yule binti wa tai-tai, maana karatasi zenyewe nitazirudisha darasani Jumatatu.

Wako akupendaye,
Zuhura