Namba unaiona, Excel inakwambia #VALUE!

Faili nyingi tunazoletewa zina kisa kimoja: mtu kanakili jedwali kwenye ukurasa wa wavuti, kabandika Excel, kajumlisha, akapata #VALUE!. Anatazama seli zake, haoni kasoro.

Chukua faili tuliyoshughulikia juzi. B2 ilikuwa na 4200, B3 ina 1850, B4 ina 975. Fomula ya `=B2+B3+B4` ikagoma. Mwenye faili akaibadilisha kuwa `=SUM(B2:B4)`, kosa likatoweka, akashukuru. Ila jibu lilikuwa 2825, badala ya 7025. Alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi ambayo haiwezi kuyageuza kuwa namba hulalamika. SUM huyaruka kimyakimya. Sisi tunaogopa zaidi ukimya huo, maana #VALUE! angalau inakuzuia kutuma hesabu mbovu.

Dalili ya kwanza ilikuwa wazi: 4200 iliegemea kushoto mwa seli kama maandishi, wenzake kulia kama namba. Tukapima:

```
=LEN(B2)
=UNICODE(RIGHT(B2,1))
```

Ya kwanza ikatoa 5 wakati tarakimu ni nne. Ya pili ikatoa 160. Hiyo ni nafasi isiyokatika, ambayo kurasa za wavuti huitumia ili maneno mawili yasitenganishwe mwishoni mwa mstari. Kwa jicho haina tofauti na nafasi ya kawaida, ambayo namba yake ni 32.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu wamefundishwa kutumia TRIM. TRIM huondoa 32 tu. CLEAN nayo huondoa herufi za 0 hadi 31. 160 inazipita zote mbili. Iondoe kwa jina lake, kwenye safu ya pembeni:

```
=VALUE(TRIM(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(160),"")))
```

Ikisharudi namba, nakili safu hiyo uibandike juu ya ile ya zamani kama thamani tu, bila fomula.

Kama hutaki safu ya ziada, ingia ndani ya seli, nakili ile nafasi yenyewe, bonyeza Ctrl+H, ibandike kwenye kisanduku cha kutafuta na uache cha kubadilishia kitupu. Kabla ya hapo hakikisha seli hazijapangwa kuwa Text, la sivyo zitabaki maandishi hata zikiwa safi.

Fomula hiyo haitakusaidia pale seli ina "975 kg" au kistari kilichowekwa mahali pa sifuri. VALUE itatoa #VALUE! ileile, na ni sawa itoe: kistari kinaweza kuwa sifuri, kinaweza kuwa "hatujapima". Tukikutana nacho tunakupigia simu kwanza.